Klasta au vokseli? Mwongozo kamili wa kusahihisha majibu ya fMRI ya kundi

Tuseme una watu 24 umewapiga skani ya fMRI, kila mmoja ameshachambuliwa kivyake na una picha moja ya kontrasti kwa kila mtu, zote zimeshawekwa kwenye ubongo wa kiwango wa MNI kwa vokseli za milimita 2. Kilichobaki ni kuuliza swali la kundi: wapi kwenye ubongo wastani wa hawa watu 24 umezidi sifuri? Unapiga t-test kila vokseli, unapata ramani imejaa rangi, na hapo ndo kazi yenyewe inaanza, maana rangi nyingine ni ukweli na nyingine ni kelele na ramani yenyewe haikwambii ipi ni ipi.

Kuna njia mbili kubwa watu wanazitumia kusafisha hiyo ramani, moja inahukumu kila vokseli peke yake na nyingine inahukumu klasta, yaani vokseli zilizoshikana. Watu wengi wanazichukulia kama vile ni vifaa viwili vya kazi ileile, kimoja kikali kingine kipole, alafu wanachagua kile kinachowapa rangi nyingi. Sio hivyo. Zinajibu maswali mawili tofauti, na nitakuonyesha hatua kwa hatua kwa FSL maana programu yake ya randomise inazifanya zote mbili, SPM na AFNI nitazigusa kwa ufupi huko chini.

Tatizo lina ukubwa gani

Maski ya ubongo ya MNI152 ya milimita 2 inayokuja na FSL ina vokseli 228,483. Ukikata ramani kwa p < 0.001 bila kusahihisha chochote, na tuseme ubongo wote hauna kitu kabisa, bado unategemea vokseli kama 228 zitawaka kwa bahati tu. Na haziwaki zimetawanyika kama vumbi, kwa sababu data imelainishwa vokseli jirani zinafanana, kwa hiyo zinawaka kwa vikundi vikundi na vinaonekana vizuri kabisa kama "eneo la ubongo".

Mfano unaojulikana ni ule wa Craig Bennett na wenzake mwaka 2009, waliweka samaki samoni aliyekufa kwenye skana, wakamwonyesha picha za watu kwenye hali mbalimbali za kijamii, wakachambua kama kawaida kwa p < 0.001 na sharti la angalau vokseli 3 zilizoshikana. Kati ya vokseli 8,064 walizopekua, 16 zilitoka zinawaka. Waliposahihisha kwa idadi ya majaribio hakukubaki hata moja. Angalia hapo kwamba sharti la vokseli 3 halikumwokoa mtu, hili nitalirudia kwa sababu bado nakutana na makala zenye "p < 0.001, k > 10" zikiitwa zimesahihishwa.

Tunachotaka kudhibiti ni kosa la familia, FWE. Maana yake ni uwezekano wa kupata hata chanya feki MOJA kwenye ramani nzima. FWE ya 0.05 ni kwamba ungerudia utafiti usio na kitu mara 20, ni mmoja tu kwa wastani ungetoa rangi yoyote ile. Njia zote mbili zinadhibiti FWE, tofauti ni nini kinahesabiwa kuwa "moja", vokseli au klasta.

Hatua ya 1: andika maamuzi kabla ya kufungua ramani

Fungua faili la maandishi uandike: njia nitakayoripoti kama jibu kuu, kizingiti cha kuunda klasta kama ni klasta, naangalia upande mmoja au pande zote mbili, maski ni ipi. Weka tarehe. Ukishaiona ramani akili inaanza kutetea rangi inazozipenda, na ukijaribu vizingiti vinne alafu ukachagua kimoja ile 0.05 yako sio 0.05 tena, umeongeza majaribio juu ya majaribio na hakuna softwea itakayokusahihishia hilo.

Kuhusu pande mbili: t-test ya randomise inaangalia upande mmoja tu. Kama unataka kuripoti maeneo yaliyopanda na yaliyoshuka inabidi uendeshe mara mbili, ya pili ukiwa umezidisha data kwa -1, na kila upande upewe 0.025 badala ya 0.05. Ukizipa zote 0.05 jumla yako inakaribia 0.10, na hii inasahaulika sana.

Hatua ya 2: unganisha data na ukague maski

```
fslmerge -t zote sub-*_cope1.nii.gz
fslmaths zote -abs -bin -Tmin maski
fslstats maski -V
```

Mstari wa kwanza unaweka watu wote kwenye faili moja, wa pili unabakiza vokseli ambazo kila mtu ana data, wa tatu unakupa idadi ya vokseli na ujazo. Hiyo namba usiipite haraka. Ikitoka laki mbili na kitu uko salama, ikitoka 150,000 kuna mtu amekatwa, mara nyingi chini kwenye serebela au juu kabisa, na kwa kuwa maski inachukua pale tu ambapo WOTE wana data huyo mmoja amekutolea eneo zima kwenye utafiti. Fungua kwenye fsleyes uone kimekatwa wapi alafu uamue umtoe huyo mtu au ulikubali shimo, lakini uliandike.

Ukiwa hapo pitia picha 24 moja moja kama filamu. Mtu mwenye namba kubwa kupita wenzake mara kumi atakuharibia hatua inayofuata, nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 3: njia ya vokseli

Njia rahisi kuielewa ni Bonferoni, unagawa 0.05 kwa 228,483 unapata kama 0.00000022. Kwa watu 24 hiyo inadai t ya karibu 7. Ukigawa 7 kwa mzizi wa 24 unapata ukubwa wa athari kama 1.4, yaani wastani wa kundi uwe juu ya sifuri kwa mkengeuko sanifu mmoja na nusu hivi, na athari za hivyo kwenye saikolojia ya kawaida ni chache sana. Tena Bonferoni inakuonea, kwa sababu inadhani zile vokseli laki mbili ni majaribio laki mbili yanayojitegemea wakati majirani wanasema kitu kilekile. Na kama data ilipigwa kwa milimita 3 alafu ikabadilishwa kuwa milimita 2 wakati wa kuiweka kwenye MNI, idadi ya vokseli imeongezeka mara 3.4 bila habari mpya hata moja, lakini Bonferoni inakuadhibu kwa zote.

Pamyutesheni haina shida hiyo. Wazo ni hili: kama kweli hakuna kitu, basi alama ya jumlisha au toa ya picha ya kila mtu ni bahati tu, ungeweza kuipindua na isingebadilisha chochote. Basi randomise inapindua alama za watu kiholela, inapiga t-test ubongo mzima, inachukua t KUBWA KULIKO ZOTE kwenye ubongo mzima na kuiandika pembeni. Inarudia mara 5,000. Mwisho una orodha ya t kubwa kabisa 5,000 ambazo kelele peke yake inaweza kutoa kwenye data yako hii hii yenye ulaini wake huu huu, na vokseli yoyote ambayo t yake halisi inazidi asilimia 95 ya hiyo orodha imepita.

```
randomise -i zote -o vok -m maski -1 -n 5000 -x
```

Hiyo `-x` ndo inayoomba ramani ya vokseli iliyosahihishwa, ukiisahau hutapata. Kwa watu 24 kuna michanganyiko ya alama zaidi ya milioni 16 kwa hiyo 5,000 ni sampuli nzuri, p ya 0.05 inayotoka ina uhakika wa takriban ±0.006. Kama jibu lako limekaa 0.047 au 0.052 ongeza hadi 10,000 au zaidi kabla hujafurahi au kukata tamaa. Ukiwa na watu 8 tu michanganyiko yote ni 256 na hakuna kuongeza.

Kupindua alama kunadhani kwamba makosa yako yana ulinganifu, yaani kelele inaweza kwenda juu sawa na chini. Yule mtu mwenye namba kubwa mara kumi anavunja hilo, ndo maana nilisema pitia picha zote kwanza.

Faili la kusoma ni `vok_vox_corrp_tstat1`, na humo kuna 1 kutoa p, sio p. Yaani 0.95 na kuendelea ndo imepita. Nimeshaona mtu amekata kwa < 0.05 kwenye faili hili akapata ubongo mzima unawaka akadhani amegundua jambo. Kujua t ya chini iliyopita:

```
fslmaths vok_vox_corrp_tstat1 -thr 0.95 -bin -mul vok_tstat1 vok_t
fslstats vok_t -l 0 -R
```

Namba ya kwanza ndo kizingiti chako halisi, kikaribiane na t ya Bonferoni au kiwe chini yake. Ikitoka juu yake sana rudi ukatafute mtu aliyeharibika.

Hatua ya 4: njia ya klasta

Hapa kuna hatua mbili ndani ya moja na kuchanganya hizi mbili ndo chanzo cha matatizo mengi. Kwanza unakata ramani kwa kizingiti cha kuunda klasta, tuseme p < 0.001, hiki hakijasahihishwa na hakidhibiti chochote, kazi yake ni kutengeneza mabonge tu. Pili unauliza kila bonge: kelele peke yake ingeweza kutoa bonge kubwa hivi? Jibu la swali la pili ndo lenye p iliyosahihishwa.

randomise inafanya vilevile kama mwanzo, ila kila ikipindua alama inaandika UKUBWA wa klasta kubwa kuliko zote badala ya t kubwa kuliko zote. Namba unayoipa `-c` ni ya t, sio z, kwa hiyo inategemea una watu wangapi. Kwa watu 24, digrii huru 23, p ya 0.001 ni t ya 3.485. Watu wanaandika 3.1 kwa mazoea kwa sababu ndo z ya 0.001, na kwa watu 24 hiyo 3.1 ni kizingiti kilicholegea kuliko walivyokusudia.

```
randomise -i zote -o kla -m maski -1 -n 5000 -c 3.485
```

Faili ni `kla_clustere_corrp_tstat1`, nalo ni 1 kutoa p, na vokseli zote za klasta moja zina namba ileile. Kwa sababu hiyo ukitafuta kilele ndani ya faili hilo hutakipata, itabidi urudi kwenye t:

```
fslmaths kla_clustere_corrp_tstat1 -thr 0.95 -bin -mul kla_tstat1 kla_t
cluster -i kla_t -t 3.485 --mm --olmax=vilele.txt
```

Kwenye FSL mpya amri hiyo ya pili inaitwa `fsl-cluster`.

Kwa nini 0.001 na sio 0.01

Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2016 Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walichukua data za watu 499 wenye afya waliokuwa wamelala tu kwenye skana bila kazi yoyote, wakajifanya kuna kazi, wakaunda makundi ya bahati nasibu na kupiga uchambuzi wa kundi karibu milioni 3 kwa SPM, FSL na AFNI. Kwa kuwa hakuna kazi iliyofanyika chanya yoyote ni feki, na inatakiwa zitoke kwenye asilimia 5 ya chambuzi. Njia ya vokseli ilikaa chini ya 5, yaani ni salama tena inazidisha usalama. Njia ya klasta kwa fomula za softwea hizo ikiwa na kizingiti cha 0.01 ilifika hadi asilimia 70. Ukipandisha kizingiti mpaka 0.001 hali inakuwa bora sana, sio kamili ila inakaribia. Na ile kanuni ya mdomoni ya p < 0.001 na vokseli 10 ilitoa kosa la asilimia 60 hadi 90, kwa hiyo hiyo sio kusahihisha, ni kupamba.

Sababu yake inaeleweka. Zile fomula zinadhani kufanana kwa vokseli kunashuka kwa umbo la kengele kadiri unavyoenda mbali, ukifika umbali fulani vokseli mbili hazijuani tena. Data halisi ya fMRI ina mkia mrefu, vokseli zilizo mbali bado zinafanana zaidi ya fomula inavyotegemea, kwa hiyo kelele inatengeneza mabonge makubwa kuliko fomula inavyojua. Kwa kizingiti cha chini kama 0.01 mabonge ni mapana na huo mkia una nafasi ya kuyaunganisha, kwa 0.001 mabonge ni madogo na mkia haufiki. Tena ulaini haulingani ubongo mzima, kwenye majaribio yao maeneo ya nyuma katikati, kwenye singuleti ya nyuma, yalitoa klasta feki zaidi ya kwingine.

Pamyutesheni haitumii dhana ya kengele, inauchukua mkia kama ulivyo kwenye data yako, na kwao ilikaa vizuri kwenye 5 isipokuwa baadhi ya majaribio ya kundi moja ambako ulinganifu ule niliousema ulikuwa haupo. Baada ya hapo FSL walibadilisha difolti ya z kutoka 2.3 kwenda 3.1 kuanzia toleo la 5.0.10, na AFNI wakaleta chaguo la `-acf` linaloufuata ule mkia. Kwa hiyo ukiona makala ya zamani yenye z > 2.3 na klasta p < 0.05, isome ukijua hilo.

Hatua ya 5: soma majibu, na hapa ndo nilipoteleza

Data ilikuwa hivi: alama inayokwambia maumivu yanakuja, kutoa alama inayokwambia uko salama. Watu 24. Namba nitakazotoa nimezirahisisha ziwe mfano ila sura yake ndo hii.

Mara ya kwanza nilikata kwa p < 0.01, t ya 2.5. Nikapata klasta MOJA ya vokseli 11,400 yenye p ya 0.002, inaanzia insula ya kulia inapita putameni inapanda singuleti ya mbele inarudi kushoto, na njiani inagusa amigdala. Nikaandika kwenye rasimu kwamba insula, singuleti, putameni na amigdala "ziliwaka kwa kiwango cha p = 0.002 iliyosahihishwa". Mhakiki akaniuliza swali moja tu: hiyo p ni ya amigdala au ni ya bonge?

Ni ya bonge. Klasta ikipita umeikataa kauli moja tu, kwamba "ndani ya bonge hili hakuna vokseli hata moja yenye athari". Kwa hiyo unachojua ni kwamba kuna angalau moja, popote pale humo ndani. Kwenye bonge la vokseli 11,400 hiyo ni habari ndogo sana, ni kama kuambiwa kuna mtu yumo ndani ya mji bila kuambiwa mtaa. Kuanzia hapo kuitaja amigdala ilikuwa ni kuongeza neno ambalo takwimu haikulisema.

Nikarudia kwa 3.485. Bonge likapasuka vipande vinne: insula ya kulia vokseli 1,120, insula ya kushoto 840, singuleti ya mbele 610, na kipande cha thalamasi vokseli 95. Vitatu vya kwanza vilipita, cha thalamasi kikatoka na p ya 0.19. Amigdala haimo popote. Sasa sentensi "kuna athari ndani ya insula ya kulia" ina uzito, kwa sababu klasta yenyewe imekaa ndani ya insula karibu yote.

Alafu nikaendesha vokseli. Kizingiti kikatoka t ya 6.2, zikapita vokseli 41 insula ya kulia na 9 kwenye singuleti, kushoto hakuna kitu. Mwenzangu mmoja alisema basi kushoto ilikuwa feki. Hapana, kushoto kilele kilikuwa t ya 5.4, athari imeenea eneo pana lakini hakuna vokseli moja iliyofika 6.2 peke yake. Klasta inaona kitu kipana kilicho dhaifu, vokseli inaona kitu kikali hata kiwe kidogo. Kwa hiyo kushoto ninaweza kusema "kuna kitu katika bonge hili" na siwezi kusema "kiko kwenye kuratibu hizi", kulia naweza kusema vyote viwili.

Na kinyume chake kipo. Tuseme unatafuta kiini kidogo cha shina la ubongo chenye vokseli 20 tu, na pamyutesheni inakwambia klasta lazima ifike vokseli 140 ndo ipite. Hata kiini hicho kiwake chote na t ya 6 hakitapita kwa klasta milele, ukubwa wake wenyewe haukiruhusu. Kwa swali la namna hiyo tumia vokseli, na kama eneo ulilitaja kwenye lile faili la hatua ya 1 kabla ya kuona data, lipe maski yake mwenyewe: ukipekua vokseli 200 badala ya laki mbili kizingiti kinashuka sana na ni halali kabisa. Ukilichora hilo eneo baada ya kuona rangi ziko wapi sio halali.

Kuna na TFCE, `-T` kwenye randomise, ambayo haikuombi kizingiti cha kuunda klasta, kila vokseli inapewa alama kutokana na urefu wake na upana wa kinachoizunguka kwa vizingiti vyote. Mimi naitumia sana. Lakini usisome matokeo yake kama ya vokseli, alama ya vokseli moja imechangiwa na majirani zake, kwa hiyo pembezoni mwa eneo inaweza kupita vokseli ambayo yenyewe haina kitu.

Dalili kwamba kuna kitu hakiko sawa

Klasta moja imefunika zaidi ya maumbo matatu manne ya anatomia: kizingiti kiko chini, na hiyo unatakiwa uwe umeshaamua tangu mwanzo, kama hukuamua basi ripoti vyote viwili wazi wazi. Klasta imekaa kama pete ukingoni mwa ubongo au ndani ya ventrikali: hiyo ni kutikisika kwa kichwa, p yake inaweza kuwa nzuri kabisa kwa sababu kutikisika sambamba na kazi ni athari ya kweli, ila sio ya neva, na hakuna kusahihisha kokote kutakakoiondoa, rudi kwenye data ya mtu mmoja mmoja. Klasta inapita kwa fomula na haipiti kwa pamyutesheni: amini pamyutesheni, mradi umeshakagua ulinganifu. Mtu mmoja akitolewa jibu linapotea: jaribu kumtoa kila mtu kwa zamu, kwa watu 24 ni mizunguko 24, iache iende usiku.

Kama unatumia SPM au AFNI

SPM, kwa vokseli chagua FWE 0.05 kwenye dirisha la matokeo, basi. Kwa klasta chagua `none`, weka 0.001, ukubwa 0, alafu usome safu ya `p(FWE-corr)` iliyo chini ya `cluster-level`, sio ile ya `peak-level`. Chini ya jedwali kuna `FWEc`, hiyo ndo idadi ya vokseli inayotakiwa, rudia ukiiweka kama kizingiti cha ukubwa ili ramani ionyeshe zilizopita tu. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuweka 0.001 na 0 alafu kuchapisha ramani hiyo hiyo kama jibu.

AFNI, usitumie makadirio ya zamani ya FWHM moja. Endesha `3dFWHMx -acf` kwenye masalia ya kila mtu, chukua wastani wa zile namba tatu za kwanza za mstari wa pili, uzipe `3dClustSim -acf`. Au `3dttest++ -Clustsim` inayotengeneza kelele kutoka masalia ya kundi lako lenyewe, ndo naipenda zaidi.

Hatua ya 6: andika ripoti

Msomaji anahitaji vitu hivi ndani ya sentensi moja au mbili: softwea na toleo, pamyutesheni ngapi, kizingiti cha kuunda klasta kwa t au p, upande mmoja au miwili, maski ina vokseli ngapi na za ukubwa gani, na p iliyosahihishwa ni ya klasta au ya vokseli. Yangu ilisomeka hivi mwishoni: "Tulitumia randomise, pamyutesheni 5,000, maski ya vokseli 221,000 za milimita 2. Klasta ziliundwa kwa t > 3.485 (p < 0.001, upande mmoja) na kusahihishwa kwa FWE 0.05 kwa ukubwa. Vokseli zilizopita FWE 0.05 zikiwa peke yake zimechorwa kwa mstari mweusi juu ya klasta." Ule mstari mweusi ni `vok_t` imewekwa juu ya `kla_t` kwenye fsleyes, na mtu akiangalia picha anajua papo hapo wapi tunasema "humu ndani" na wapi tunasema "hapa".

Kwenye jedwali usipange vilele kumi vya klasta moja kila kimoja na p yake, p ni moja kwa klasta nzima, iandike mara moja na vilele viwe maelezo tu. Alafu pandisha `kla_tstat1` nzima bila kukatwa kwenye NeuroVault, ili mwingine akitaka kujua thalamasi yenye p ya 0.19 ilionekanaje, au amigdala, aione mwenyewe.